Kasida ya Shukurani: Msimu wa Karafuu, Wete

Kiitikio:
Twakushukuru Karima,
Twakushukuru Rahima,
Umetujaza neema,
Sifa zote zako Rabi.

Bisimilahi twaanza,
Ndilo jina letu kwanza,
Na Mtume katufunza
Kukushukuru, ya Rabi.

Twakushukuru Karima,
Sifa zote zako Rabi.

Mikarafuu ya Pemba,
Matawi umeyapamba,
Harufu yajaza nyumba,
Ni rizikiyo, ya Rabi.

Wachumaji wapandao,
Vileleni waendao,
Washuka na pishi zao,
Umewahifadhi, Rabi.

Mama zetu majamvini
Waanika uwanjani
Kwa jua lako la shani,
Rehema, siyo adhabi.

Twakushukuru Karima,
Sifa zote zako Rabi.

Na wavuvi wa Kojani,
Wavukao mkondoni,
Wamerudi majumbani,
Kila mtu na nasibi.

Na sisi wana wa chuo,
Wenye kusoma kwa tuo,
Umetupa ufunguo
Kwa herufi na irabi.

Twakushukuru Karima,
Sifa zote zako Rabi.

Mswalie Muhamadi
Na ahalize, Wadudi,
Waliompenda zaidi,
Wale wake masahabi.

Twakushukuru Karima,
Twakushukuru Rahima,
Umetujaza neema,
Sifa zote zako Rabi.