Mafunzo ya moto na huduma ya kwanza yamesongeshwa hadi 7 Mei

Wadau wa stoo, sasa. Mafunzo ya Ijumaa 17 Aprili HAYATAKUWEPO. Tumeyasongesha hadi Alhamisi 7 Mei 2026, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, hapo hapo kwetu, lanchi iko. Walio naiti pia watakuja hiyo asubuhi, hawataingia usiku wa Jumatano, na masaa ya mafunzo yanahesabiwa kazi kama kawaida, kwa hivyo tafadhali msianze kuniuliza mmoja mmoja inboksi.

Sababu ni mvua tu. Mmeona vile yadi ya nyuma imekuwa tangu wikendi, mtaro umeziba na maji yanarudi mpaka karibu na pale malori hupakia. Mwalimu alikuja jana akaangalia akasema haiwezekani, kwa sababu zile saa mbili za mwisho huwa anawasha moto wa ukweli kwenye sinia ya chuma na kila mtu anauzima mwenyewe, sasa huo moto utauwasha wapi, ndani ya stoo ya maboksi? Kuna mtu alisema tufanye darasa tu halafu moto baadaye. Nilikataa, maana mtu akishapewa makaratasi ile siku nyingine haji, tunajuana. Wiki ya tarehe 20 Aprili haingewezekana, wiki ya tarehe 27 ni kuhesabu mali ya mwisho wa mwezi halafu Ijumaa ni Leba Dei na nusu yenu mtakuwa mmeshapanda gari za ushago, ndiyo tukaangukia 7 Mei. Fundi wa mtaro ameahidi kumaliza kabla ya hapo. Mvua ikikataa, tumeshaongea na majirani wa geti la pili, uwanja wao una lami na uko juu, tutavuka barabara tu. Kwa hivyo hakuna kusongesha tena.

Ijumaa 17 ni siku ya kazi kama kawaida, rosta ya zamani inarudi. Kama ulikuwa umebadilishana shifti na mwenzako juu ya mafunzo, malizaneni leo na mniambie kabla ya saa kumi jioni, sitaki Ijumaa asubuhi nipate foklifti mbili na dereva mmoja.

Sasa hizi wiki tatu tusikae tu. Kila mtu aende atafute mtungi wa kuzima moto ulio karibu na pale anafanyia kazi, asimame hapo dakika moja aangalie: sindano iko kwa kijani? Pini na sili ziko? Tarehe ya sevisi imepita? Ukiona shida piga picha urushe hapa kwa grupu ukiandika ni wapi. Na ule wa karibu na mlango wa kantini umefichwa na paleti tena, mwenye hizo paleti anajijua, zitoke leo. Mlango wa dharura pia si mahali pa kuegesha pikipiki hata kama kunanyesha.

Kitu kingine, moto ukishika mahali pa stima, mfano pale tunachajia betri za foklifti, usimwage maji wala usichukue mtungi wa maji. Hapo ni ule wa kaboni dioksaidi, na kama unaweza kuzima swichi kuu bila kujiweka hatarini, zima kwanza. Hizo betri zikichaji hutoa gesi ya haidrojeni ambayo inashika moto haraka sana, ndiyo maana tunasema hakuna sigara huko na ile feni isizimwe eti inapiga kelele.

Mtu akiungua kabla hatujafunzwa (Mungu apishe), peleka chini ya bomba, maji baridi yanayotiririka, dakika 20. Dakika 20 ni ndefu, mtachoka, lakini ndiyo hiyo. Kolgeti hapana, blubandi hapana, barafu pia hapana. Nambari za kupiga ni 999 au 112, na ambulensi ya Msalaba Mwekundu ni 1199, ziwekeni kwa simu sasa hivi mkisoma hii. Ile ya kubonyeza kifua mara 100 mpaka 120 kwa dakika mtaifanya tarehe 7 kwa mdoli, msianze kujaribu kwa mwenzenu mzima mkipiga stori za lanchi, mtamvunja mbavu.

Siku yenyewe mje na viatu vya kazi vya kufunika vidole na nguo za pamba. Nailoni na moto haviendi pamoja, na mwalimu atakurudisha nyuma uangalie wenzako tu.

Jibu hapa kufikia Jumanne 21 kama 7 Mei uko ama hauko, andika jina na shifti yako. Walio kwa livu nitawapigia mimi. Wale hawali nyama waseme pia, mama wa kantini anataka hesabu mapema.