Barua kwa Hajati kuhusu juisi ya embe

Asalaam aleikum Hajati,

Natumaini umeamka salama na safari ya Juba ilikuwa nzuri. Mimi ni yule binti wa kwenye harusi pale Oli, uliyemuuliza hii juisi ya embe nani katengeneza, ukanywa ya pili, ukasema nikuandikie hesabu zangu kwa karatasi maana maneno ya harusini hupotea. Sasa ndo nimeandika.

Hajati wewe ni mtu wa Arua, unajua embe ikifika Aprili inavyokua huku kwetu. Zinaanguka usiku kucha, asubuhi unafagia uani kama majani, mbuzi wanakula mpaka wanachoka, na bado wamama wanakaa barabarani na beseni zao hadi jioni zinaoza mbele ya macho yao. Halafu dukani mtoto anauziwa soda. Hicho ndo kinaniuma na ndo sababu nilianza 2022, na blenda moja na sufuria ya mama.

Leo tuko watatu, mimi na wasichana wawili. Kwa wiki tunatoa chupa 400 za mililita 300. Chupa moja mpaka itoke inatugharimu shilingi 950, dukani tunawapa kwa 1,500 na wao wanauza 2,000. Hazibaki, wateja wa stendi na shule mbili wanamaliza mpaka wengine wanakosa.

Lakini lazima nikwambie na ubaya wake. Mwaka wa kwanza, kabla umeme wa gridi haujafika huku, stima ilikatika siku mbili mfululizo, nikafungua friza nikakuta chupa zimevimba matumbo, zingine zimepasua vifuniko, rojo imemwagika kila mahali inanuka kama pombe. Chupa 180 tukamwaga zote shimoni, sikuuza hata moja, na wenye maduka nikawarudishia pesa yao. Nililia sana ile siku, ila hapo ndo nilielewa kwamba biashara hii sio utamu wa juisi, ni moto. Juisi ukiichemsha ifike digrii 85 au 90, ukaijaza ikiwa bado moto, ukafunga na kuilaza chupa ili kifuniko nacho kipate ule moto, inakaa miezi bila friji. Na embe ikiiva sana inapungua ukali, kwa hiyo tunachanganya na pasheni na ndimu, ladha inapanda na vijidudu vinapata shida kuishi humo.

Tumeshajaribu kwa sufuria, ladha iko sawa kabisa, tatizo sufuria huwezi kushika moto sawasawa, upande mmoja unaungua mwingine bado, na chupa hizi za plastiki za kawaida ukijaza moto zinajikunja kama karatasi. Tunahitaji tanki na chupa zinazohimili.

Ninachoomba ni milioni 18. Saba ni tanki la chuma kisichoshika kutu la lita 200 lenye kipimo cha joto, tatu na nusu mashine ya kukamua rojo, nne friza mbili kubwa za kuweka rojo ya msimu tuuze hata embe zikiisha, mbili chupa, na moja na nusu kutengeneza chumba (vigae, sinki, wavu wa nzi) pamoja na vipimo vya shirika la viwango UNBS. Alama yao ya ubora ya Q ndo mlango Hajati, supamaketi wanaiulizia kabla hata hawajaonja, na ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inatambulika, maana yake Kaya na ng'ambo ya Vurra panafunguka, na wewe malori yako yanapita huko kila wiki.

Riba najua huitaki na mimi pia siitaki. Napendekeza musharaka wa miaka mitatu, wewe mtaji, sisi kazi na vifaa tulivyonavyo, faida 40 kwa mia yako, hasara ya mtaji tuibebe kila mtu kwa alichoweka. Sijakuhesabia miezi mizuri. Nimehesabu mwezi mbaya tukishapata tanki, chupa 800 kwa wiki, faida 500 kwa chupa, ni milioni 1 na laki 6 kwa mwezi, fungu lako 640,000. Kwa hiyo milioni 18 zinarudi ndani ya miezi 28 hivi. Tukifika 1,500 kwa wiki, mwaka na miezi mitatu. Tanki na mashine zibaki kwa jina lako mpaka pesa yako irudi yote.

Nakuomba uje mwenyewe uone tunavyofanya kazi, usitegemee barua hii peke yake. Alhamisi tunakamua kuanzia saa moja asubuhi. Kama Alhamisi una mambo nitakuletea nyumbani baada ya Alasiri, daftari la mauzo la miezi kumi na chupa sita, tatu za jana na tatu za wiki tatu zilizopita ambazo hazijaingia friji, uonje zote.

Binti yako,
Zubeda