Kagua umbo la mlinganyo wa dy/dx kwanza: karatasi ya ukutani, kikundi cha Jumamosi, Mbeya

Iache dy/dx peke yake kushoto, kisha uulize:

☐ Kulia ni f(x)·g(y)? Tenganisha, integreti. Chai ya Tukuyu inayopoa chumbani, dT/dt = −k(T − 18), iko hapa. Ukigawa kwa g(y), usipoteze jibu la g(y) = 0.

☐ y' + P(x)y = Q(x)? Zidisha kwa e^(∫P dx). Jamani, mgawo wa y' uwe 1 kwanza! Kwenye xy' + 2y = x³, P ni 2/x, wala si 2; kizidishi ni x². Hapa ndipo tunapoteza alama nyingi.

☐ Umbo hilohilo, ila kulia pana Q(x)yⁿ? Bernoulli: v = y^(1−n).

☐ dy/dx peke yake, na kulia ni y/x tupu? y = vx.

☐ M dx + N dy = 0? Ni kamili iwapo ∂M/∂y = ∂N/∂x.