Nguvu tano na duka letu la ufundi simu, Mbagala Rangi Tatu

Kwa wabia wenzangu, kabla hatujalipia kibanda cha pili.

Nimetumia mfumo wa nguvu tano alioutoa Michael Porter wa Harvard mwaka 1979. Kwa mujibu wake, faida haiamuliwi na washindani peke yao. Wapo pia wanaokuuzia, wanaonunua kwako, wanaoweza kuingia kesho, na kile ambacho mteja anaweza kukichukua badala ya huduma yako.

Kwetu anayebana zaidi ni muuza spea. Vioo na betri karibu vyote vinatoka China, nasi tunavifuata Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Dola ikipanda, bei ya kioo inapanda, na hatuna pengine pa kukimbilia. Kioo cha Tecno Spark tunachonunua 38,000 tunakifunga kwa 50,000. Toa nauli, toa kile kinachopasuka wakati wa kufunga au kinachorudi na mstari baada ya wiki, uone kinachobaki kwa kazi ya karibu saa nzima. Tena kopi nzuri na orijino ni vigumu kuvitofautisha kwa macho. Hasara ya spea mbovu inatuangukia sisi, muuzaji keshapokea hela yake.

Kuingia kwenye kazi hii ni rahisi: meza, bisibisi, blowa, na miezi michache ya kukaa na fundi. Ndiyo maana meza zinaongezeka kila mwaka pale stendi, na kwa kuwa wote tunafunga vioo vilevile, tumebaki kushushiana bei. Mteja analijua hilo, anauliza meza tatu kabla ya kukaa. Ila simu ikiingia maji ikazima, na picha za marehemu mama yake zimo ndani, mteja huyohuyo haanzi na bei. Anatafuta nani anaweza. Hapo ndipo naona riziki yetu ilipo.

Mbadala ni simu mpya. Mwenye kitochi hatengenezi kabisa. Mwenye simu ya laki mbili akitajiwa 70,000 anaanza kufikiria ya mkopo, ya kulipa kidogo kidogo kila siku.

Kibanda cha pili kitatuongezea vioo, yaani kazi ambayo nguvu zote tano zinaikaba. Napendekeza hela hiyo inunue maikroskopu na pawa saplai, na fundi wetu mmoja apelekwe kujifunza ubao: kutafuta shoti, kubadilisha aisii ya chaji. Spea za kazi hiyo ni ndogo, kinacholipiwa ni ujuzi, na simu za namna hiyo kwa sasa tunawapelekea mafundi wa Kariakoo. Vioo tusiviache, bali tuchukue kwa muuzaji mmoja atakayekubali kwa maandishi kupokea kibovu ndani ya siku 30, ili nasi tumpe mteja waranti ya muda huohuo.

Mwenye mlango wa kibanda anataka jibu Jumatatu. Tukutane Jumapili jioni dukani, kila mmoja aje na hesabu zake.