Istilahi za Mbinu ya Kisayansi: Faharasa ya Kozi ya Utangulizi wa Sayansi, Muhula wa Kwanza

Faharasa hii ni ya wanachuo wa mwaka wa kwanza wanaoanza vitendo vya maabara hapa Dodoma. Haikupangwa kwa alfabeti. Imefuata namna maneno yatakavyokukuta kwenye vitendo vyetu vitatu: kuotesha mtama, kuchemsha maji na kupima mvua. Usahihi, ukaribiano, uthabiti na uhalali ndiyo maneno yanayochanganywa zaidi kwenye ripoti, kwa hiyo yamepewa nafasi kubwa. Mengine mistari miwili inayatosha.

Tazamio. Jambo ulilolishuhudia kwa macho, pua, mkono au kifaa, kabla hujalitolea maelezo. "Majani ya chini yamekuwa ya njano" ni tazamio. "Mmea umekosa naitrojeni" ni maelezo yako juu ya tazamio hilo, na yanaweza kuwa si kweli: huenda umemwagilia kupita kiasi na mizizi inaoza. Kwenye daftari la maabara, ukurasa wa kushoto ni wa matazamio, wa kulia ni wa maelezo.

Nadharia tete. Kauli ambayo matokeo yanaweza kuikataa. "Samadi ya ng'ombe itaongeza uzito mkavu wa miche ya mtama ndani ya wiki nne" inafaa. "Samadi ni nzuri kwa mimea" haifai, maana matokeo ya namna yoyote yanaweza kupindwa yakaiunga mkono. Nadharia tete yako ikikataliwa hupotezi alama hata moja. Ukiibadilisha baada ya kuona matokeo, unapoteza zote za sehemu hiyo.

Nadharia. Maelezo mapana ya kwa nini mambo huwa yalivyo, yaliyopimwa kwa njia nyingi yakasimama. Haipandishwi cheo kuwa sheria ikikomaa. Sheria husema kinachotokea, nadharia hueleza sababu yake.

Kigeu. Chochote kinachoweza kubadilika katika jaribio. Kigeu huru ni kile unachokibadilisha wewe (kiasi cha samadi), kigeu tegemezi ni kile unachokipima (uzito wa miche). Vilivyobaki, yaani maji, jua, udongo, aina ya mbegu na ukubwa wa kopo, unavishikilia visibadilike.

Kidhibiti. Sehemu ya jaribio iliyotendewa kila kitu sawa na nyingine, isipokuwa jambo lile moja unalolichunguza. Makopo kumi yenye samadi yakistawi, bado hujui chochote mpaka uone makopo kumi yasiyo na samadi, yenye udongo uleule mwekundu, mbegu kutoka mfuko mmoja, yaliyomwagiliwa siku hizohizo. Kosa tunaloliona kila mwaka ni kupanga makopo ya samadi upande wa dirisha na ya kidhibiti upande wa ukuta. Hapo umelinganisha madirisha. Changanya makopo kwa kupiga kura, kisha yahamishe nafasi kila baada ya siku chache.

Kuna pia kidhibiti hasi na kidhibiti chanya, na vyote viwili utavihitaji kwenye kipimo cha wanga. Dondoshea iodini kwenye kipande cha ugali: inageuka bluu inayokaribia nyeusi. Hicho ni kidhibiti chanya, kinachothibitisha kwamba iodini yako bado inafanya kazi. Dondoshea nyingine kwenye maji matupu: inabaki na rangi yake ya kahawia. Hicho ni kidhibiti hasi, kinachothibitisha kwamba rangi ya bluu haijitokezi yenyewe. Sasa ndipo upime sampuli usiyoijua. Bila kidhibiti chanya, "hakuna wanga" inaweza kumaanisha tu kwamba chupa ya iodini imekaa kabatini muda mrefu mno.

Thamani halisi. Kiasi ambacho kipimo kisicho na hitilafu yoyote kingetoa. Kwa kawaida hatuifahamu kikamilifu, tunaikaribia.

Usahihi. Jinsi kipimo kilivyo karibu na thamani halisi. Hapa ndipo kitendo cha kuchemsha maji huwatega wengi. Kitabu kimeandika kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, na ni kweli kwa kanieneo ya kawaida ya usawa wa bahari, kama kule Dar es Salaam. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa inatukandamiza kwa nguvu pungufu kuliko inavyowakandamiza wao, na maji yetu huchemka kwenye takriban nyuzi 96. Haya ni matokeo ya mfano ya makundi manne:

- Kundi la kwanza: 96.0, 96.3, 96.2
- Kundi la pili: 98.9, 98.8, 98.9
- Kundi la tatu: 93.5, 98.7, 96.3
- Kundi la nne: 100, 100, 100

Kundi la kwanza lina usahihi. Kundi la pili halina, ingawa namba zake zinapendeza machoni. La tatu wastani wake ni 96.2, lakini ukisoma mara moja tu ungeweza kupata chochote. La nne halikupima, limenakili kitabu. Tunalitambua haraka, maana liko umbali wa nyuzi nne kutoka kwenye sufuria. Ukitaka kujua usahihi wa kipimo chako, ulinganishe na thamani inayofaa kwa mahali ulipo na hali uliyopimia.

Ukaribiano wa vipimo. Jinsi vipimo vya kitu kilekile, vilivyorudiwa kwa kifaa kilekile, vinavyokaa karibu na vyenyewe. Haujali thamani halisi iko wapi. Kundi la pili hapo juu lina ukaribiano mzuri sana (tofauti ya 0.1 tu kati ya kipimo kikubwa na kidogo) lakini liko karibu nyuzi tatu juu. Kundi la tatu ni kinyume chake. Usiandike "vipimo vyetu vilikuwa sahihi kwa sababu vilifanana". Sentensi hiyo imewaponza wengi.

Hitilafu ya kudumu. Hitilafu inayosukuma vipimo vyote upande mmoja. Kipimajoto cha kundi la pili ni mshukiwa. Mfano mwingine ni kopo la kupimia mvua lililowekwa chini ya mwarobaini: matawi hunasa sehemu ya mvua na kila siku unasoma pungufu. Kurudia vipimo hakuiondoi hitilafu ya namna hii, hata ukirudia mara mia. Inaondoka kwa kuhamisha kopo mahali pa wazi.

Hitilafu nasibu. Hitilafu inayoyumba juu na chini bila mpangilio: jicho limeinama kidogo, upepo umepita, mkono umechelewa kubonyeza saa. Hii hupungua ukirudia vipimo na kuchukua wastani. Usiite "hitilafu ya kibinadamu". Sema ni nini hasa kilichoyumba.

Kusawazisha kifaa. Kukilinganisha na kitu ambacho thamani yake inajulikana. Kichovye kipimajoto kwenye barafu inayoyeyuka, iliyochanganyika na maji: kinapaswa kusoma 0. Kikisoma 2.7, umempata mshukiwa. Mizani ya biashara nayo haiachwi hivihivi, Wakala wa Vipimo huikagua; mizani ya maabara haistahili uangalizi mdogo kuliko ya muuza zabibu.

Shaka ya kipimo. Upana ambamo unaamini thamani halisi imo, unaoandikwa kwa alama ±. Kwa mfano 96.2 ± 0.5. Si kukiri udhaifu. Namba isiyo na shaka yake ndiyo dhaifu.

Uthabiti. Kiasi ambacho matokeo yanategemewa kujirudia jaribio likifanywa tena siku nyingine, na mtu mwingine au kwa kifaa kingine cha aina ileile. Ukaribiano unaupata mezani kwako kwa dakika kumi. Uthabiti unahitaji watu na siku. Mkipima rangi ya majani kwa jicho, mmoja ataandika "kijani kiasi" na mwenzake "njano kidogo" kwa jani lilelile. Tibu hilo kwa kadi ya rangi yenye namba, kisha kila mmoja apime peke yake bila kuona jibu la mwenziwe.

Kurudiwa na wengine. Jaribio huru la watu wengine, kwa maelezo uliyoyaandika wewe. Mfano wetu wa nyumbani ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa wa moto ukiganda kabla ya uliopozwa. Alichekwa. Mwaka 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne walichapisha vipimo vyao. Wengi wamejaribu tangu hapo na majibu yamegongana. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza hawakupata ushahidi wa kuridhisha, wakaonyesha pia kwamba kupandisha au kushusha kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo kunaweza kuzaa tofauti ya bandia. Ugomvi haujaisha. Anayetaka kuurudia kwenye friji ya maabara aombe ruhusa kwanza, na aandike kina cha kipimajoto kwa milimita.

Uhalali. Swali hapa ni kama unapima kile unachodai kupima. Kipimo kinaweza kuwa na usahihi, ukaribiano na uthabiti, na bado kisiwe halali kwa swali lako. Chukua miche ya mtama. Wanachuo wengi hupima urefu kwa rula na kuuita "ukuaji". Weka kopo moja kabatini gizani: mche utarefuka upesi kuliko wa juani, mwembamba, wa rangi ya njano, unaotafuta mwanga. Kwa rula, huo ndio umeshinda. Rula haikukosea hata milimita moja, ila urefu haukuwa jibu la swali. Ndiyo sababu tunang'oa miche, tunaosha mizizi, tunaikausha kwenye tanuri mpaka uzito usibadilike tena, kisha tunapima.

Uhalali una upande wa pili: matokeo yanafika wapi? Kilichotokea kwenye makopo kumi ya udongo wa Dodoma mjini hakijathibitika kwa majaruba ya mpunga ya Bahi.

Sampuli. Sehemu unayoipima kwa niaba ya yote. Isichaguliwe kwa urahisi wa kufikika: miche ya mstari wa kwanza ndiyo inayomwagiliwa vizuri.

Jaribio la awali. Jaribio dogo la kutafuta matatizo kabla ya lile kubwa. Ukitaka kujua gharama ya kuliruka, tazama Kongwa. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza ulianza 1947 na kufutwa 1951. Mvua haikutosha, na ardhi ya mfinyanzi ilikauka ikawa ngumu kiasi kwamba kung'oa karanga kulishinda. Msimu mmoja au miwili ya shamba dogo ingeyaonyesha yote mawili.

Wastani. Jumla gawanya kwa idadi. Kwa mvua ya Dodoma, iliyobanwa kwenye miezi michache kati ya Novemba na Aprili, wastani wa mwezi hauelezi mwezi wowote. Weka na kipimo kidogo na kikubwa kando yake. (Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita mraba.)

Tarakimu za maana. Kikokotozi kikikupa 96.166667 na kipimajoto chako kina mistari ya nyuzi moja moja, andika 96.

Hitimisho. Jibu la nadharia tete, lisilozidi ushahidi. Mfano unaokubalika: "Katika makopo kumi kwa kumi, miche yenye samadi ilikuwa na uzito mkavu mkubwa zaidi baada ya wiki nne. Makopo mawili ya kidhibiti yaliliwa na panya na hayakuhesabiwa. Hatukupima mavuno."