Ombi la barua ya kuthibitisha mahudhurio, 11 Machi 2025

Kwa Mganga Mfawidhi,

Shikamoo daktari. Jumanne tarehe 11 Machi 2025 nilitibiwa hapo kwenu, faili namba 2417. Nilifika saa mbili asubuhi, nikapimwa malaria, nikatoka na dawa ya mseto karibu saa saba mchana. Sikupewa karatasi ya kupeleka kazini, na sasa mwajiri anataka kunikata mshahara wa siku hiyo.

Naomba barua fupi yenye muhuri, ikitaja tarehe na muda niliokuwepo tu. Ugonjwa wenyewe si lazima uandikwe. Siombi siku za mapumziko. Jina langu limo kwenye daftari la wagonjwa wa nje, na risiti ya maabara ninayo. Nitaifuata Ijumaa asubuhi. Kama kuna ada, nitalipa.

Ahsante sana,
Rehema