Barua pepe ya Rehema ya kuacha kazi, imesahihishwa makosa tu

Dada Rehema,

Barua yako nimeipitia. Uliomba nirekebishe makosa na nisiguse kingine, nami nimefanya hivyo: sehemu 14 zimebadilika, sentensi zote ni zako na mpangilio ni ule ule. Hii hapa chini ndiyo ya kutuma.

Mada: Taarifa ya kujiuzulu

Ndugu Salim,

Naandika kukujulisha kwamba nimeamua kujiuzulu nafasi yangu ya afisa ununuzi. Nimepata kazi mpya kwingine, ambayo inanipa nafasi ya kusimamia timu. Mkataba wangu unataka notisi ya siku 30, kwa hiyo naitoa leo Jumatatu, tarehe 1 Juni 2026, na siku yangu ya mwisho kazini itakuwa Jumanne, tarehe 30 Juni 2026.

Kabla ya kuondoka nitafuatilia oda tatu ambazo mzigo wake haujafika, na nitaandika maelezo ya makabidhiano. Nyaraka za wasambazaji zimehifadhiwa kwenye folda ya pamoja, na orodha ya mikataba inayokaribia kuisha nitaituma kabla ya Ijumaa hii. Nipo tayari kumwelekeza yeyote utakayemteua. Kompyuta na kadi ya mlango nitazirudisha siku ya mwisho. Naomba pia kujua utaratibu wa siku zangu 6 za likizo ambazo sijatumia.

Nashukuru kwa miaka minne niliyofanya kazi chini yako. Nimejifunza mambo mengi, hasa jinsi ya kujadiliana bei bila kuharibu uhusiano na msambazaji. Sitasahau.

Wako,
Rehema

Na hii ndiyo uliyoniletea, uilinganishe mwenyewe:

Mada: Taarifa ya kujiudhuru

Ndugu Salim,

Naandika kukujulisha kwamba nime amua kujiudhuru nafasi yangu ya afisa ununuzi. Nimepata kazi mpya kwingine, hambayo inanipa nafasi ya kusimamia timu. Mkataba wangu inataka notisi ya siku 30, kwahiyo naitoa leo Jumatatu, tarehe 1 Juni 2026, na siku yangu ya mwisho kazini itakua Jumatano, tarehe 30 Juni 2026.

Kabla ya kuondoka nitafuatilia oda tatu ambazo mzigo wake haujafika, na nitaandika maelezo ya makabidhiano. Nyaraka za wasambazaji vimehifadhiwa kwenye folda ya pamoja, na orodha ya mikataba inayokaribia kuisha nitaituma kabla ya Ijumaa hii. Nipo tayari kumuelekeza yeyote utakaye mteua. Kompyuta na kadi ya mlango nitazirudisha siku ya mwisho. Naomba pia kujua utaratibu wa siku zangu za likizo 6 ambazo sijatumia.

Nashukuru kwa miaka minne niliyofanya kazi chini yako. Nimejifunza mambo mingi, hasa jinsi ya kujadiliana bei bila kuharibu uhusiano na msambazaji. Sita sahau.

Wako,
Rehema

Kosa zito kuliko yote halikuwa la tahajia. Uliandika "Jumatano, tarehe 30 Juni 2026", na tarehe hiyo ni Jumanne. Jumatano ni tarehe 1 Julai. Anayesoma asingejua ashike siku au ashike tarehe, na hiyo ndiyo siku itakayotumika kufunga hesabu ya mshahara wako. Kosa la aina hii msahihishaji hana ruhusa ya kulikisia, ndiyo maana nilikupigia. Ulithibitisha kwamba mkataba wako unahesabu siku 30 pamoja na siku unayotoa notisi: kuanzia tarehe 1 hadi 30 zinatimia. Basi tarehe imebaki, siku ndiyo iliyobadilika.

"Kujiudhuru" lilikuwepo mara mbili, na mara ya kwanza kwenye mada, mahali Ndugu Salim atakapotazama kabla hata ya kuifungua. Udhuru ni sababu ya kushindwa kufanya jambo. Anayeacha cheo anajiuzulu.

Maneno manne yalikuwa na shida ya nafasi. "Nime amua", "utakaye mteua" na "sita sahau" yamekatwa katikati ya kitenzi; viambishi vya nafsi, wakati na urejeshi huandikwa pamoja na mzizi wake. La "sita sahau" ni baya zaidi kwa sababu sita ni namba, na aya ya juu yake tayari ina siku 6. "Kwahiyo" ni kinyume chake: ni maneno mawili, kwa hiyo.

Upatanisho umerekebishwa mara tatu: mkataba unataka, nyaraka zimehifadhiwa, mambo mengi. Hilo la nyaraka huwapata wengi, maana kichwani mtu anawaza "vitu" huku mkono ukiandika "nyaraka". "Hambayo" imeondolewa h isiyo yake. "Itakua" imepata w yake, kwani kukua ni kuongezeka kimo au ukubwa. Na "kumuelekeza" ni kumwelekeza: mu ikikutana na e huwa mw. Usitegemee kikagua tahajia kikuonyeshe yote haya. "Itakua" na "sita" ni maneno halali, kwa hiyo hayapigiwi mstari mwekundu.

La "likizo 6" liko mpakani. Nililipima kabla ya kuligusa, kwa kuwa kuhamisha neno kunakaribia kuandika upya. Lakini "siku zangu za likizo 6" inasomeka kama likizo sita, kila moja na siku zake, na hapo ni haki yako inayohesabiwa. Nikahamisha namba tu.

Yapo niliyoyaona nikayaacha. "Notisi" na "oda" ni maneno ya ofisini kwenu na kila mtu anayaelewa. "Naandika" badala ya "ninaandika" ni sahihi. "Miaka minne" kwa herufi karibu na "siku 30" kwa tarakimu si kosa. "Sitasahau" ingeweza kuwa "sitayasahau", ila fupi hiyo ina sauti yako, na Ndugu Salim anaijua sauti yako. Kutomtaja mwajiri mpya ni uamuzi wako, nami nauona mzuri.

Unapoibandika kwenye barua pepe, ibandike kama maandishi matupu, la sivyo alama zangu nyekundu za masahihisho zinaweza kwenda nayo. Mpelekee Ndugu Salim, nakala kwa ofisi ya utumishi, na nakala fiche kwenye anwani yako binafsi, kwa sababu anwani ya kazini ikifungwa hutaweza tena kuitoa ukiihitaji.

Itume leo kabla ya ofisi kufungwa. Ikilala hadi kesho, badilisha sehemu mbili kwa pamoja: "leo Jumatatu, tarehe 1 Juni" iwe "leo Jumanne, tarehe 2 Juni", na siku ya mwisho iwe Jumatano, tarehe 1 Julai 2026. Ukibadilisha ya kwanza ukasahau ya pili, notisi yako itakuwa ya siku 29.

Zuhura